Barua kwa Mwenye Nyumba: Jinsi Tulivyoisahihisha



Wapenzi wanafunzi na wazazi wetu, mwezi Agosti 2023 kijana mmoja wa darasa la jioni alibaki nyuma baada ya wenzake kuondoka. Alikuwa na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la hesabu, ameikunja mara nne. Mama yake na wapangaji wenzake watatu, hapa hapa Namanyere, walikuwa wamekaa karibu wiki tatu bila maji katika nyumba waliyopanga. Kwa kuwa yeye ndiye msomi wa nyumba, walimpa kazi ya kumwandikia barua mwenye nyumba, ambaye anaishi Sumbawanga. Akaniomba nimwangalizie makosa ya Kiswahili tu, kisha kesho yake iende na basi.

Niliposoma nikaona makosa ya Kiswahili ndiyo yaliyokuwa madogo. Kama barua ile ingefika Sumbawanga kama ilivyo, huenda mama yake angetafuta chumba kingine kabla ya mvua. Kwa ruhusa yake ninaiweka hapa kama alivyoiandika, bila majina ya watu wala ya kitongoji.

"Kwako mwenye nyumba,

YAH: SWALA LA MAJI

Salamu sana, ama baada ya salamu napenda kuchukua nafasi hii kukuandikia barua hii. Kichwa cha habari hapo juu cha husika. Sisi wapangaji wako tuna kuambia kwamba maji hazitoki hapa nyumbani tangu siku nyingi na watoto wana teseka sana na mabomba zime pasuka na wewe ume nyamaza kimya kama vile hatukulipi kodi. Ulituambia utaleta fundi lakini ume tudanganya kwani wewe unajali pesa tu. Watu wa maji nao ni wezi wanaleta bili wakati maji hazipo. Kama huta leta fundi haraka sana tutakupeleka mahakamani na kodi hatulipi tena na utatutambua sisi ni nani. Tafadhali ungetufikiria na sisi ni binadamu.

Ni sisi wapangaji wako wapendwa."

Msicheke. Wengi wetu tumeandika hivi, na hasira iliyomo ni ya haki. Dada yake kijana huyu alikuwa akichelewa shule kila siku kwa sababu ya kupanga foleni ya maji kwa jirani.

Kabla ya kugusa kalamu nilimuuliza: ni nini hasa kilichoharibika? Akasema, maji hayatoki. Nikamwambia hilo ni jambo ambalo hata mtoto wa miaka mitatu anaweza kuliona. Maji yanaweza kukosekana kwa sababu ya mgao, au kwa sababu mamlaka ya maji imekata huduma kwa deni la bili, au kwa sababu bomba la ndani ya kiwanja limepasuka. Katika hali ya kwanza mwenye nyumba hana la kufanya, na ukimlaumu atakuona hujui unalosema. Kwa kawaida mamlaka ya maji huhudumia bomba mpaka kwenye mita. Kuanzia kwenye mita kuingia ndani ni mzigo wa mwenye nyumba. Kwa hiyo mita ndiyo mpaka, na barua lazima ijue tatizo liko upande gani wa mpaka huo.

Nilimtuma afanye mambo mawili. Kwanza, aulize majirani wa kulia na kushoto kama wana maji. Pili, afunge koki zote za uani, afungue ile iliyo kwenye mita, kisha aangalie kama kimshale cha mita kinazunguka. Koki zote zikiwa zimefungwa na mita bado inazunguka, maji yanapita mahali ambapo hayakutakiwa kupita, na mahali hapo ni baada ya mita.

Alirudi kesho yake uso umebadilika. Majirani wana maji. Mita ilizunguka mbio kama saa iliyoharibika, na ardhi ikaanza kulowa karibu na lango, pale ambapo tela la matofali lilipita siku walipokuwa wanajenga jirani. Bomba lilikuwa limefukiwa juu juu tu. Nikamuuliza, koki ya kwenye mita ilikuwa imefungwa tangu lini? Akasema mama aliifunga siku ile ile ya kwanza ili bili isipande. Basi hapo tulipata kitu ambacho barua ya kwanza haikuwa nacho hata kidogo: wapangaji walikuwa wamemwokolea mwenye nyumba pesa zake kwa muda wote huo, na hakuna aliyemwambia.

Pia tuligundua kwamba lililopasuka ni bomba moja, si "mabomba". Na "watu wa maji" hawakuwa na kosa lolote. Bili waliyoleta ilikuwa ya mwezi wa Julai, maji yalipokuwa yakitoka vizuri. Sentensi ile ya wezi tuliifuta bila majadiliano. Kumsingizia mtu ambaye hata si msomaji wa barua ni dhambi isiyo na faida.

Sasa tuje kwenye lugha. Kosa la kwanza linaonekana katika kichwa. "Swala la maji" maana yake ni nini? Mwanafunzi wa madrasa hapaswi kukosea hapa. Swala ni ile ibada tunayosimamisha mara tano kwa siku, na pia ni mnyama wa porini. Jambo linalohitaji kuzungumzwa ni suala. Lakini hata tukiandika "Suala la maji", kichwa bado hakijasema kitu. Mzee mwenye nyumba nne anapokea barua. Anataka kujua mara moja ni nyumba ipi na ni jambo gani. Tukaandika: "Kupasuka kwa bomba la maji katika nyumba yako ya Namanyere". Akiishia kusoma hapo tu, ameshajua habari yenyewe.

Kosa la pili ni kukata maneno. Tazama "tuna kuambia", "zime pasuka", "ume nyamaza", "huta leta". Katika Kiswahili, kitenzi na viambishi vyake ni neno moja: tunakuambia, umenyamaza, hutaleta. Kosa hili limeingia hata katika ile sentensi ya maofisini ambayo watu wengi huinakili bila kuielewa, "kichwa cha habari hapo juu cha husika". Neno ni chahusika, yaani kinahusika. Mimi binafsi sentensi hiyo siipendi hata ikiandikwa sawasawa, kwa sababu kila msomaji anajua kwamba kichwa kinahusika. Kama hakihusiki kimeandikwa kwa nini? Tukaiondoa. Tukaondoa pia "napenda kuchukua nafasi hii kukuandikia barua hii". Barua anayo mkononi.

Kosa la tatu ni upatanisho. "Maji hazitoki, mabomba zimepasuka, maji hazipo." Katika mazungumzo tumezoea kuweka zi- kwa kila kitu kilicho kingi, kwa sababu nyumba zimejengwa, ndoo zimejaa, pesa zimekwisha. Lakini maji ni ya ngeli ya li-ya, sawa na bomba na mabomba: maji hayatoki, maji hayapo, bomba limepasuka, mabomba yamepasuka. Njia rahisi ya kujipima ni kuweka "haya" mbele yake. Husemi "maji hizi". Unasema "maji haya", basi na kitenzi chake kifuate ya-.

Makosa hayo matatu mwalimu yeyote angeyasahihisha kwa kalamu nyekundu, na barua ingebaki mbaya vile vile. Ugumu ulikuwa katika ukali wake.

Nilimwambia kijana apige mstari chini ya kila sentensi ambayo mtendaji wake ni "wewe". Akapata: umenyamaza, umetudanganya, unajali pesa tu, hutaleta. Zote ni hukumu juu ya moyo wa mtu aliye mbali. Je, tunajua kwamba alidanganya? Tunajua jambo moja tu: alisema kwenye simu kwamba fundi atakuja, na fundi hakuonekana. Basi tuandike hilo tu. Tukabadilisha mtendaji wa sentensi. Mahali pa "umetudanganya" tukaweka "mpaka leo fundi hajafika".

Angalieni neno hajafika. Kijana alikuwa ameandika kwanza "fundi hakufika", na si kosa la sarufi. Lakini hakufika ni mlango uliofungwa: siku ilipita, jambo limekwisha, ahadi imevunjwa. Hajafika ni mlango ulioachwa wazi: bado tunamtazamia, na wewe bado una nafasi ya kuwa mtu wa ahadi. Ukweli ni ule ule, wala hatukupunguza chochote, ila kiambishi -ja- kimempa mzee mahali pa kuingilia. Ni neno la adabu na la msimamo kwa wakati mmoja, kwa sababu linakumbusha pia kwamba jambo halijaisha.

Halafu mwisho wa barua kijana akaangukia upande wa pili. Baada ya vitisho vyote anaandika "Tafadhali ungetufikiria". Hapo amepiga magoti. Kiambishi -nge- ni cha kudhania: ungetufikiria, kama ungeweza, kama ungependa. Msomaji anaweza kujibu moyoni, "ningependa, lakini sitaweza", na hakuna aliyemkosea. Barua ya madai haiombi namna hiyo. Wala haiamrishi kwa kusema "Leta fundi!", maana mzee yule ana umri wa baba yake. Katikati kuna njia nzuri ambayo lugha yetu imetupa: neno tunaomba likifuatwa na kitenzi kinachoishia na -e. Tunaomba ulete fundi. Tunaomba bomba litengenezwe. Ombi ni la heshima, lakini linasema waziwazi nani afanye nini. Ukiongeza tarehe, limekuwa na nguvu: "Tunaomba bomba liwe limetengenezwa ifikapo Jumamosi tarehe 2 Septemba." Neno "haraka sana" lilikuwa na kelele lakini halina nguvu, kwa sababu haraka ya mwenye kiu na haraka ya mwenye nyumba haziendi kwa saa moja.

Kwa wanafunzi mliofika Surat Taha, mnakumbuka kwamba Musa na Harun waliamrishwa wamwendee Firauni kwa kauli laini. Ujumbe wenyewe haukulainishwa. Walimtaka awaachie Wana wa Israili. Kilicholainishwa ni kauli.

Sasa vitisho. Vilikuwa vitatu, na nilimwomba kijana avipime kimoja kimoja. "Kodi hatulipi tena": mama yake alikuwa amelipa miezi sita mbele, kodi imefika mwisho wa Desemba. Mzee anazo pesa mfukoni. Kitisho hicho kingemfanya acheke. Na hata kama kodi ingekuwa inadaiwa, mpangaji anayezuia kodi kwa uamuzi wake mwenyewe anajigeuza kutoka mdai kuwa mdaiwa. Mbele ya baraza lolote ataulizwa kwanza kwa nini hajalipa. "Utatutambua sisi ni nani": hiki ni kitisho cha ugomvi, na kikiwa kwenye maandishi chenye sahihi nne, mtu anaweza kukipeleka polisi. Tulikifuta.

Kilichobaki ni "tutakupeleka mahakamani". Hapa kijana alikuwa na haki zaidi kuliko alivyojua. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamwekea mwenye nyumba anayepangisha sehemu ya jengo wajibu wa kutunza paa, kuta kubwa na vile vitu ambavyo wapangaji wanavitumia kwa pamoja, hata kama mkataba hausemi hivyo. Bomba la uani ni miongoni mwa hivyo. Lakini kwa bomba la nusu inchi, mtu haanzi na mahakama. Jambo la namna hii huanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, likishindikana linakwenda baraza la kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 kazi yake ni kupatanisha na si kutoa hukumu, na baada ya hapo ndipo baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Ukitaja mahakama katika barua ya kwanza, umerukia ngazi ya juu na msomaji anajua hutaifikia. Ukitaja hatua iliyo karibu, ambayo kweli utaichukua kesho asubuhi, anakuamini. Kanuni niliyompa ni kwamba asiandike kitisho chochote ambacho hayuko tayari kukitimiza siku ya pili yake. Kwa mwenyekiti wa kitongoji ni mwendo wa dakika kumi.

Tulibishana kidogo juu ya salamu. Kijana alitaka aanze kwa salamu ndefu ya Kiarabu kama tunavyofanya hapa madrasa. Nikamuuliza kama mzee ni Mwislamu. Akasema hapana, ni Mkristo, mtu wa kanisani kabisa, kama walivyo wengi huku Ufipa. Basi mwandikie salamu atakayoipokea kwa moyo, nikasema. Mama yako akikutana naye barabarani anamwamkiaje? "Shikamoo." Tukaandika shikamoo. Mtume (s.a.w.) alipomwandikia Hirakli mfalme wa Warumi, alimtaja kwa cheo chake kwa watu wake, ingawa hawakuwa dini moja.

Hii ndiyo barua iliyokwenda:

"Wapangaji wa nyumba yako,
Namanyere.
24 Agosti 2023

Mzee wetu,
Sumbawanga.

Shikamoo Mzee.

YAH: KUPASUKA KWA BOMBA LA MAJI KATIKA NYUMBA YAKO YA NAMANYERE

Jumamosi tarehe 5 Agosti 2023, bomba linaloleta maji uani lilipasuka karibu na lango, kati ya mita na koki ya uani, baada ya tela la matofali kupita juu yake. Tuliifunga koki ya kwenye mita siku hiyo hiyo ili maji yasimwagike na bili yako isipande. Tangu siku hiyo, yaani siku 19 sasa, nyumba haina maji.

Tulikupigia simu Jumatatu tarehe 7 Agosti, na tena Jumapili tarehe 13 Agosti, ukatuambia kwamba fundi atakuja wiki hiyo. Mpaka leo fundi hajafika.

Nyumba za jirani zina maji na mita yetu ni nzima, kwa hiyo tatizo si la mamlaka ya maji. Kila familia inanunua madumu 6 ya maji kwa siku kwa jirani, kila dumu Sh. 100, ambayo ni Sh. 11,400 kwa siku hizo 19. Watoto wanachelewa shule kwa ajili ya foleni.

Tunaomba bomba hilo liwe limetengenezwa ifikapo Jumamosi tarehe 2 Septemba 2023. Kama una udhuru wa kutofika, tunaomba utupe ruhusa ya maandishi tumlipe fundi sisi wenyewe, na gharama hiyo ikatwe katika kodi tutakayolipa mwezi wa Januari. Fundi aliyeliona bomba amekadiria Sh. 38,000, nasi tumeambatanisha karatasi yake.

Tarehe hiyo ikipita bila matengenezo wala jibu, tutamwomba mwenyekiti wa kitongoji atukutanishe nawe tulizungumze jambo hili. Kodi yetu tumelipa hadi mwisho wa Desemba, na tunapenda kuendelea kuishi katika nyumba yako kwa amani.

Wapangaji wako,
(sahihi nne, kila moja na namba ya chumba)"

Barua mpya ni ndefu zaidi ya ile ya kwanza, lakini inasomeka upesi, kwa sababu kila aya ina jambo moja: nini kimetokea, tumefanya nini, tunaumia vipi, tunataka nini, na isipokuwa nini kitafuata. Angalieni pia kwamba tuliandika "ikipita" badala ya ile "kama huta leta" ya mwanzo. Kiambishi -ki- kinaeleza jambo linaloweza kutokea bila kumtuhumu mtu kwamba atalitenda, na mtendaji wa sentensi ni tarehe, siyo mzee.

Karatasi ya fundi haikuwa na makuu. Bomba la plastiki la nusu inchi mita 6, Sh. 12,000, viungo viwili, Sh. 6,000, kuchimba na ufundi, Sh. 20,000. Nilimshauri fundi achimbe chini zaidi pale langoni, angalau urefu wa mkono mpaka kiwikoni, kwa kuwa kulirudisha bomba juu juu ni kungoja tela lingine. Fundi alisema hilo alilijua kabla sijazaliwa.

Kuhusu ile Sh. 11,400 palikuwa na mvutano. Mama mmoja alitaka barua idai irudishwe. Mimi nilishauri itajwe lakini isidaiwe, kwa sababu barua yenye madai mawili humpa msomaji nafasi ya kubishania lile gumu na kuliacha lile rahisi. Wengine walikubali. Yule mama hakuridhika, na mpaka leo akikutana nami sokoni ananikumbusha.

Waliandika nakala mbili kwa mkono. Moja walibaki nayo, na ya pili akapewa jirani aliyekuwa akisafiri Sumbawanga. Nakala iliyobaki mama aliipiga picha kwa simu. Jirani aliombwa jambo moja: mzee akiipokea, aandike tarehe na jina lake nyuma ya bahasha, na bahasha irudi. Hii si kumshuku mtu. Qur'ani yenyewe, katika Surat Al-Baqara, imetuhimiza tuandike mambo ya kudaiana hata yawe madogo, na barua ambayo huwezi kuonyesha kwamba ilipokelewa haitakusaidia mbele ya mwenyekiti.

Mzee alipiga simu Jumapili tarehe 27. Alikuwa amedhani muda wote kwamba ni mgao wa maji, kwa sababu kwenye simu wapangaji walimwambia tu "maji hayatoki", na yeye akangoja yarudi. Fundi aliyemwahidi alimwagiza mdogo wake amtafute, na mdogo wake akasahau. Alichagua njia ya pili, wapangaji walipe kisha wakate kwenye kodi. Mama alimwomba kwa adabu aandike ujumbe mfupi wa simu kuthibitisha, naye akauandika: amekubali Sh. 38,000 zikatwe kwenye kodi ya Januari. Kijana aliunakili ujumbe huo katika daftari pamoja na tarehe na saa, kwa kuwa simu hupotea.

Bomba lilitengenezwa Alhamisi tarehe 31 Agosti. Mwezi Januari kodi ilipolipwa, mzee alikuwa ameshasahau makubaliano na akadai kodi kamili. Kijana akaleta daftari na simu ya mama yake. Mzee akausoma ujumbe wake mwenyewe mara mbili, akacheka, akapokea pungufu ya Sh. 38,000 na kuandika risiti.